Wosia Ukiteketea, Nani Atasema Uliandikwa Nini?

Karatasi haina umri mrefu Liparamba. Mchwa huingia kwenye sanduku kwa chini bila mtu kujua, mvua za masika hupenya kwenye paa, na kati ya Agosti na Oktoba, nyasi zikishakauka na watu wakianza kusafisha mashamba, moto mmoja usiodhibitiwa unaweza kula nyumba tatu kabla majirani hawajafika. Katika kata hii ya Wilaya ya Nyasa, mpakani na Msumbiji, wosia wa mzee mara nyingi ni karatasi moja ya daftari iliyokunjwa mara nne na kuwekwa pamoja na cheti cha ubatizo na stakabadhi za zamani. Nakala ya pili haipo. Sanduku likiungua, karatasi nayo imekwenda.

Hapo ndipo ukoo hukosea, na hukosea kwa namna mbili. Baadhi husema wosia umeungua, kwa hiyo hakuna wosia, tugawane kimila. Wengine, mara nyingi kwa nia njema kabisa, hukaa chini wakaandika karatasi mpya kwa maneno wanayoyakumbuka, wakaweka tarehe ya zamani na kuomba mashahidi waliobaki watie sahihi upya. Wa kwanza wanampora mtu haki yake. Wa pili wanaweza kuishia gerezani, na nitaeleza sababu huko mbele.

Kisheria, wosia ni uamuzi wa marehemu, na karatasi ni ushahidi wa uamuzi huo. Ushahidi ukipotea, uamuzi haufutiki kwa hilo tu. Unabaki, ila sasa unahitaji kuthibitishwa kwa njia nyingine, na mzigo huo anaubeba yule anayesema wosia ulikuwepo.

Tuanze na kinachogombewa, maana ndicho kinachoeleza kwa nini nyaraka hizi hupotea kwa wepesi. Tangazo la Serikali Na. 436 la mwaka 1963, lililoziweka kwenye maandishi sheria za mila za urithi na wosia kwa makabila yanayofuata ukoo wa baba, linapanga warithi wa mtu asiyeacha wosia katika daraja tatu. Mtoto wa kiume wa kwanza, kwa kawaida wa nyumba kubwa, yuko daraja la kwanza na fungu lake ni kubwa kuliko ya wengine. Watoto wa kiume wengine ni daraja la pili. Mabinti wote wako daraja la tatu. Mjane hana fungu. Anatunzwa na watoto wake kama yeye alivyowatunza. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake iliiona Tanzania imekiuka mkataba huo kwa kuziacha kanuni hizi ziendelee, katika malalamiko ya wajane wawili. Kanuni bado zinatajwa mahakamani.

Kwa hiyo mzee anapoandika kwamba mkewe abaki na nyumba na binti aliyemuuguza apewe bonde la mpunga, karatasi hiyo ndiyo kinga pekee ya wanawake hao wawili. Isipokuwepo, mali inarudi kwenye daraja tatu. Msomaji akisikia wosia umepotea, ajiulize kwanza nani anapata zaidi kwa kupotea kwake. Swali hilo peke yake halithibitishi lolote, lakini hakimu mzoefu analo kichwani tangu siku ya kwanza.

Jambo la pili la kujua mapema ni sheria gani itatumika, kwa sababu masharti ya wosia hayafanani. Mahakama huangalia namna marehemu alivyoishi. Katika shauri la mirathi ya Innocent Mbilinyi, lililoamuliwa na Mahakama Kuu mwaka 1969, marehemu alikuwa Mngoni, mtu wa mkoa huu huu wa Ruvuma, lakini alikuwa ameoa mwanamke wa Kichagga na maisha yake yalikuwa mjini, mbali na mila za kwao. Mahakama ilisema sheria za kimila hazimfuati mtu wa namna hiyo; ikatumia sheria ya urithi iliyotoka India ya 1865. Mwislamu naye, awe Myao wa Tunduru au mvuvi wa Mbamba Bay, akiwa ameishi kwa dini yake, wosia wake unabanwa na theluthi moja ya mali, kwa hiyo wosia wake ukipotea kinachogombewa ni theluthi hiyo tu. Lakini mkulima wa Liparamba aliyezaliwa, kuoa na kuzikwa kati ya ndugu zake, kwa kawaida atahukumiwa kwa sheria ya mila, na mirathi yake itafunguliwa katika mahakama ya mwanzo ya mahali alipokuwa na makazi ya kudumu. Hata kama alifia hospitali ya Peramiho au Songea, kesi inarudi nyumbani. Baraza la kata halina uwezo wa mirathi, na ofisi ya kijiji haina. Muhtasari wa kikao cha ukoo unaopigwa muhuri na mtendaji husaidia mahakama, hauamui kitu.

Mahakama ya mwanzo inao uwezo wa kulisikiliza jambo hili. Kanuni za mirathi za mahakama za mwanzo, Tangazo la Serikali Na. 49 la 1971, katika kanuni ya 8 zinairuhusu kuamua kama marehemu alikufa na wosia au bila wosia, na kama hati inayodaiwa kuwa wosia ilikuwa halali na inaendelea kuwa na nguvu. Kwa hiyo mwombaji asikubali kuambiwa na karani kwamba bila karatasi halisi faili haliwezi kufunguliwa. Aombe, aeleze kwenye maombi kwamba wosia ulikuwepo na sasa haupo, na ajiandae kuthibitisha mambo matatu: kwamba uliandikwa kihalali, kwamba marehemu hakuufuta, na kwamba ulisema hiki na kile.

Nitayafuata matatu haya kwa familia moja ya kubuni, maana hukumu moja ya kweli haibebi yote.

Mzee mmoja wa Liparamba, anayejua kusoma na kuandika, aliandika wosia Juni 2016. Mwandishi alikuwa mwalimu mstaafu aliyekaa naye barazani, akaandika rasimu kwanza kwenye daftari lake kwa penseli, kisha akanakili kwa kalamu ya wino kwenye karatasi safi. Waliotia sahihi ni mdogo wa mzee, mpwa wake, katekista wa kigango na mwalimu mwenyewe. Mke alikuwepo akatia dole gumba. Mzee akaikunja karatasi, akaiweka kwenye sanduku la bati. Oktoba 2021 moto wa shamba la jirani ulishika paa la nyasi na nyumba ikateketea yote. Mzee akahamia kwa binti yake, akafariki Februari 2023. Mpwa alikuwa ameshatangulia. Binti anadai wosia ulimwachia bonde. Watoto wawili wa kiume wanasema hawajui wosia wowote, na kama ulikuwepo, baba aliuacha uishe kwa sababu aliishi mwaka mzima na zaidi baada ya moto bila kuandika mwingine.

La kwanza, uhalali. Sheria za wosia za 1963 zinataka wosia wa maandishi ushuhudiwe, kwa anayejua kusoma na kuandika, na mashahidi wasiopungua wawili wanaojua kusoma na kuandika, mmoja wa ukoo na mmoja mtu baki. Kwa asiyejua kusoma wanahitajika wanne, wawili wa kila upande. Wake waliopo nyumbani nao wanatakiwa kushuhudia. Familia yetu ilivuka kiwango: wawili wa ukoo, wawili baki, na mke. Kifo cha mpwa hakiharibu chochote. Idadi inahesabiwa siku ya kuandika, na si siku ya kesi. Anachotakiwa binti ni kuwaleta waliobaki waeleze walikaa wapi, nani alitia sahihi mbele ya nani, mzee alikuwa na akili zake au la, na karatasi ilikuwa na tarehe au haikuwa nayo.

Hapa wengi hudhani kupotea kwa karatasi kunalegeza masharti. Hapana. Wosia uliopotea unapimwa kwa kipimo kile kile cha wosia uliopo mezani. Mei 2021 Mahakama Kuu iliutengua wosia wa mfanyabiashara Reginald Mengi, ingawa karatasi ilikuwepo, na miongoni mwa sababu ni kwamba watoto wake wakubwa walinyimwa bila sababu kutajwa, na kwamba hakukuwa na shahidi wa ukoo. Ikiwa mashahidi wa Liparamba watasema kwamba karatasi iliyoungua haikuwa na ndugu hata mmoja kati ya mashahidi wake, kazi yote ya kuifufua haitaleta kitu. Watakuwa wamethibitisha wosia batili.

La pili ndilo gumu kuliko yote, nalo ni kuonyesha kwamba marehemu hakuufuta mwenyewe. Mahakama zenye asili ya Uingereza zina dhana ya tangu zamani: kama wosia mara ya mwisho ulikuwa mikononi mwa mwenyewe, na alipokufa haukuonekana, inachukuliwa kwamba aliuharibu kwa makusudi ili kuufuta. Dhana hiyo si hukumu. Inaweza kuvunjwa kwa ushahidi. Lakini kama hakuna mtu anayesimama kuivunja, inashinda. Ikiwa wosia ulikuwa kwa paroko, kwa wakili au kwa mtu mwingine, dhana hiyo haianzi kabisa, kwa sababu marehemu hakuwa na karatasi ya kuichana.

Katika familia yetu karatasi ilikuwa kwa mzee mwenyewe, kwa hiyo swali lipo. Jibu lake ni moto. Sheria ya urithi ya Kenya, katika jedwali lake la tano, inalieleza vizuri jambo hili kwa maneno yenye asili moja ya Kihindi na sheria nyingi za urithi za Afrika Mashariki: wosia uliopotea baada ya kifo, au ulioharibiwa kwa ajali au kwa ubaya wa mtu na si kwa tendo la mwenyewe, unaweza kuthibitishwa kwa nakala au rasimu yake, na kama hakuna nakala wala rasimu, kwa ushahidi wa maneno ya yaliyomo. Moto wa jirani ni ajali. Haijalishi kwamba ulitokea mwenyewe akiwa hai, mradi si yeye aliyeuwasha ili kuiunguza karatasi.

Binti basi anahitaji kuuthibitisha moto wenyewe, na hapo ndipo kesi nyingi hulegalega. Kusema tu "nyumba iliungua" hakutoshi. Mwenyekiti wa kitongoji aje aseme ni lini, nani alikuwa jirani, na nini kilitolewa ndani kabla paa halijaanguka. Mtu aliyeliona sanduku likiwa limeungua aje aseme hivyo. Kama mtendaji aliandika taarifa ya maafa kwa ajili ya msaada wa bati, taarifa hiyo ina thamani kubwa kuliko karatasi ya polisi ya kupotelewa. Ile ya polisi hutolewa kwa maneno ya anayeripoti, kwa hiyo inathibitisha kwamba fulani aliripoti siku fulani. Haithibitishi kwamba wosia uliungua. Wengi huiweka juu ya faili kama ngao, na hakimu huipita kwa kuisoma mara moja.

Vijana wanasema baba aliuacha uishe. Hoja hii ina uzito wake. Ningekuwa upande wao ningeisukuma kwa nguvu zote. Mtu anayejua kwamba wosia wake umeungua na hana haja ya kuandika mwingine huenda amebadili nia. Jibu la hoja hiyo ni maneno na matendo ya mzee katika miezi kumi na sita ya mwisho. Mwalimu mstaafu anasema mzee alimfuata baada ya mavuno ya 2022 akamwomba waandike upya, wakakubaliana wasubiri mdogo wake arudi kutoka Mbinga, kisha mzee akalazwa. Katekista anasema aliwahi kumsikia akiwaambia watu kwamba bonde ni la binti "kama nilivyoandika". Na mzee aliishi kwa binti huyo huyo hadi mwisho, wala hakugombana naye. Mtu aliyetaka kufuta asingesema hivyo.

Maneno ya marehemu kuhusu wosia wake yalikubaliwa katika shauri maarufu kuliko yote la aina hii, la Lodi St Leonards. Mzee huyu aliwahi kuwa Lodi Chansela wa Uingereza na alikuwa bingwa wa sheria za mali, akafa Januari 1875 akiwa na miaka 93. Sanduku lilipofunguliwa viambatisho vinane vya wosia vilikuwepo, wosia wenyewe haukuonekana. Binti yake Charlotte, aliyeishi naye na kumsomea karatasi zake mara nyingi, alisimama mahakamani akaeleza yaliyomo kwa kumbukumbu yake, na mwaka 1876 mahakama ya rufaa ikamkubali. Ilizingatia kwamba mzee alikuwa mwangalifu mno wa karatasi zake na alizungumzia wosia wake kama kitu kinachoendelea kuwepo, kwa hiyo haikuelekea kwamba aliuchana. Kwamba hata bingwa wa sheria ya mali alipotelewa na wosia, huwafariji kidogo wale wasio na kabati la chuma.

Sasa la tatu, yaliyomo. Hapa pana mtego ambao nimeona haujadiliwi vya kutosha: shahidi wa sahihi si lazima awe shahidi wa maneno. Sheria inamtaka aone wosia ukitiwa sahihi, haimtaki ausome. Katekista anaweza kuapa kwamba alimwona mzee akiandika jina lake, na asijue kama bonde alipewa binti au shangazi. Ushahidi wa namna hiyo unathibitisha hoja ya kwanza peke yake. Kuhusu yaliyomo hausaidii kitu.

Sheria ya Ushahidi, ambayo Mahakama ya Wilaya na Mahakama Kuu huifuata, inaruhusu ushahidi mbadala pale hati halisi inapokuwa imeharibika au imepotea bila kosa la anayeitaka. Ushahidi huo ni nakala zilizothibitishwa, nakala zilizotolewa kwa mashine, nakala zilizolinganishwa na asili, na maelezo ya mdomo ya mtu aliyeiona hati kwa macho yake mwenyewe. Maneno ya mwisho hayo ndiyo muhimu. Anayesema "nilisikia kwamba wosia ulisema" hahesabiki. Anayehesabika ni yule aliyeushika akausoma, au aliyesomewa pale pale. Mahakama za mwanzo zina kanuni zao za ushahidi tangu 1964, nyepesi kuliko sheria hiyo, lakini hakimu wa mwanzo naye atauliza swali lile lile: wewe uliuona?

Katika familia yetu mwalimu aliuona, tena aliuandika. Na anayo rasimu ya penseli kwenye daftari. Rasimu ina nguvu kubwa kuliko kumbukumbu ya miaka saba, lakini lazima aeleze kama wosia wa wino ulifanana nayo. Tuseme anakiri kwamba ulitofautiana mahali pamoja: rasimu inasema "shamba la chini", lakini kwenye wosia mzee alitaka iandikwe "kuanzia mwembe hadi kijito". Kukiri huko kunaijenga kesi. Shahidi anayesema kila kitu kilifanana neno kwa neno baada ya miaka saba anatia shaka. Anayejua pale palipobadilishwa na kwa nini, anaaminika. Mpaka wenyewe, mwembe na kijito, unathibitishwa na majirani na kamati ya ardhi ya kijiji, ambao hawahitaji kujua lolote kuhusu wosia.

Mdogo wa marehemu anakumbuka kwamba wosia ulisomwa kwa sauti kabla ya sahihi, na kwamba nyumba iliachwa kwa mke "hadi siku zake". Anakumbuka pia kwamba kulikuwa na kifungu kuhusu mbuzi, ila hakumbuki walipewa nani. Mahakama ifanye nini na kifungu kinachokosekana? Katika shauri la St Leonards mahakama ilikubali sehemu iliyothibitika ingawa zawadi ndogo ndogo hazikukumbukwa. Miaka kumi baadaye mabwana wa baraza la juu la Uingereza walionyesha mashaka na msimamo huo, wakiogopa kwamba kipande cha wosia kinaweza kupotosha nia ya mzima. Kwangu mimi, jibu linategemea ukubwa wa kilichosahaulika. Kama ni mbuzi wanne, mashamba na nyumba vigawiwe kama wosia ulivyosema, na mbuzi waingie kwenye mgawanyo wa kawaida. Kama kilichosahaulika ni nani alipewa shamba kubwa la mahindi, basi hatujui mzee alikuwa akisawazisha nini na nini, na kumpa binti bonde peke yake kunaweza kuwa dhuluma kwa wengine.

Kuna njia nyingine ambayo watu hujaribu pale yaliyomo yanapokuwa mepesi: kuugeuza wosia ulioungua uwe wosia wa mdomo. Sheria za 1963 zinautambua wosia wa mdomo mbele ya mashahidi wasiopungua wanne, wawili wa ukoo na wawili baki. Kenya wana kipimo kingine: mashahidi wawili wanatosha, lakini mwenyewe awe amefariki ndani ya miezi mitatu tangu aseme. Je, wanne waliosikia wosia ukisomwa barazani 2016 si mashahidi wa wosia wa mdomo? Sidhani. Siku ile mzee alikuwa anatoa wosia wa maandishi, na kusomwa kwake kulikuwa hatua ya kuukamilisha. Lakini kama baada ya moto aliwaita watu wanne wa namna hiyo akawaambia kwa mdomo mali iende wapi, huo ni wosia mpya unaosimama wenyewe, na binti aulete hivyo, bila kuuchanganya na ule wa 2016.

Vijana wa siku hizi hupiga picha. Picha ya wosia kwenye simu ni ushahidi, na tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 mahakama zina mwongozo wa kuupima. Swali linahamia kwenye uhalisia wake: nani alipiga picha, kwa simu gani, lini, na picha imepita kwa nani kabla ya kufika hapa. Picha iliyotumwa kwenye kundi la WhatsApp la ukoo na kuhifadhiwa na watu kumi na wawili, tarehe ikionekana, ina nguvu. Picha iliyoibuka wiki ya maziko kutoka simu ambayo eti imeharibika, haina. Simu ya kwanza ihifadhiwe, isibadilishwe wala kufutwa, na aliyepiga ajiandae kuapa.

Sasa nirudi kwa wale wanaoandika karatasi mpya na kuipa tarehe ya zamani. Sheria ya Kanuni za Adhabu inaiweka kughushi wosia kwenye daraja la makosa makubwa kabisa ya kughushi, na adhabu yake inaweza kufika kifungo cha maisha. Haijalishi kwamba yaliyoandikwa ni kweli tupu. Na inajulikana kwa urahisi kuliko wanavyodhani. Liparamba ilikuwa Wilaya ya Mbinga hadi Wilaya ya Nyasa ilipoanzishwa mwaka 2012. Wosia wenye tarehe ya 2009 unaotaja "Wilaya ya Nyasa" unajiumbua wenyewe mstari wa kwanza. Sahihi za mashahidi wote zilizotiwa kwa kalamu moja, mkono wa mzee wa miaka themanini uliotulia kama wa mwanafunzi, mtoto aliyezaliwa 2018 aliyetajwa kwa jina kwenye karatasi ya 2016: hayo yote hakimu huyaona. Na likishaonekana moja, ushahidi wa kweli nao hauaminiki tena, hata rasimu ya mwalimu.

Kabla ya kufika mahakamani, utafutaji ufanyike na uandikwe. Ofisi ya parokia au kigango iulizwe, na mtendaji wa kijiji, na wakili kama marehemu aliwahi kumtumia, na benki. RITA, wakala wa serikali wa usajili, hutunza wosia za watu wanaoziweka huko, kwa hiyo nayo iulizwe. Wazee wengine waliweka na hawakumwambia mtu. Kila aliyeulizwa na alichojibu viandikwe na tarehe. Na anayejulikana kuushika wosia akikataa kuutoa, iombwe mahakama imwite; kuiba wosia ni kosa la jinai lenye kifungu chake, awe mwenyewe hai au amekufa.

Mahakama ikishaamua, msimamizi anateuliwa na anaanza kazi ya kawaida. Ndani ya miezi minne anapaswa kuleta orodha kamili ya mali na madeni, isipokuwa mahakama imemwongezea muda. Lakini wosia uliothibitishwa kwa nakala au kwa kumbukumbu una kikomo kinachosahaulika: unasimama hadi ule halisi utakapoonekana. Kama baada ya miaka miwili mtu akikarabati nyumba ya mdogo wa marehemu akakuta karatasi ya wino ndani ya bomba la mianzi, msimamizi hana hiari ya kuinyamazia. Anairudisha mahakamani, na kama inatofautiana na kilichothibitishwa, mgawanyo unafunguliwa upya.

Katika haya yote, kinachoangusha kesi nyingi ni muda. Mpwa amekufa, mdogo wa mzee ana miaka sabini na minane, mwalimu anasikia kwa shida. Maelezo ya mdomo ya mtu aliyeuona wosia yanakwenda naye kaburini, isipokuwa ameyaweka kwenye kiapo mbele ya hakimu au wakili, maana maandishi ya mtu aliyefariki yanaweza kupokelewa hata asipokuwepo kuyasema. Kwa hiyo kama unajua wosia wa mzee wako uliungua au ulipotea, na yupo mtu aliyeusoma, usisubiri arobaini wala mgogoro. Mpeleke akaape wiki hii.